Barua ya nyumbani Pemba

Mwanza, Jumapili, 5 Oktoba 2025

Baba, Mama, Bibi, kaka na nyie wadogo zangu wote,

Asalam alaykum, na shikamooni wakubwa. Mimi nimefika salama na mzima, namshukuru Mungu. Najua meseji nlishatuma siku ileile lakini Bibi aliniambia simu haina karatasi, kwamba mtu akiondoka kwa watu aandike barua isomwe barazani wote wasikie, kwa hiyo hii hapa, namtumia kaka aiprinti mjini halafu Kijino ndo ataisoma. Kijino soma taratibu, usiruke mistari, na ukifika sehemu yako usijifanye kukohoa.

Safari ilikuwa ndefu jamani. Boti kutoka Mkoani bahari ilichafuka kidogo, nikafanya vile Mama alivyosema, nikakaa nyuma na lile limau puani mpaka Unguja, sikutapika hata mara moja wakati dada wa pembeni yangu alimaliza mifuko mitatu. Dar nikalala kwa shangazi, kesho yake treni ya SGR hadi Dodoma halafu basi usiku kucha. Halua ya Wete ilifika nusu, siwezi kusema uongo, nusu nyingine iliisha kwenye treni na mimi mwenyewe nlishiriki. Mkate wa ufuta haukufika kabisa.

Nilipofungua begi hapa nyumbani mama yangu mzazi akasimama mlangoni akauliza nimebeba pafyumu gani. Ni karafuu. Nguo zote zinanukia karafuu, daftari zangu za field zinanukia karafuu, mpaka chaja. Nimefua mara mbili na bado, na mtandio ule wa kijani ambao Mama alinifunga siku ya kwanza nimeuweka bila kufua makusudi.

Sasa nianze na lile ambalo Baba alikataza nisiliongelee tena. Baba nisamehe, leo nitaliongea. Ile Alhamisi mlivyoniachia majamvi mawili uani mkaenda shamba, mimi mwanafunzi wa kilimo mwaka wa tatu, mtu ambaye kaandika kurasa nne nzima za ripoti kuhusu kuanika zao la karafuu, nikaingia ndani mara moja tu kuchaji simu, nikajilaza, usingizi ukanipitia. Nimeshtuka mvua inapiga bati. Nilivyotoka maji yalikuwa yanatiririka juu ya jamvi na karafuu zinaelea kama dagaa, nikaanza kuzoa kwa mikono huku nalia, jirani akaja kunisaidia lakini ilikuwa imeshapita. Mliporudi nlikuwa nimekaa kizingitini nimelowa, nimepanga maneno ya kuomba msamaha, na Baba ulitazama jamvi, ukanitazama mimi, ukasema, "Mvua ya leo haikubisha hodi." Basi. Ukaingia ndani ukaomba chai. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, mpaka leo hakuna. Ni Kijino ndo aliniambia baadae kwamba zile zilizolowa zilipauka na mkaziuza kwa bei ya chini. Kijino hapa usicheke, soma tu.

Nimesoma sana vitabu vya zao hili lakini kitu ambacho hakimo ni ile saa ya kuchambua usiku, wote tumekaa chini kuzunguka taa, kila mtu na rundo lake, karafuu huku makonyo kule, vidole vinakuwa vyeusi na vinanata, na Bibi anasimulia habari za majirani ambao wengine walishakufa zamani lakini bado anawagombeza. Mimi nlikuwa najaza pishi moja wakati Bibi anajaza tatu bila kuangalia mikono. Na mkawa mnachota kidogokidogo kwenye marundo yenu mnaongezea langu mkidhani sioni. Nlikuwa naona.

Mama, nawe. Kwenye sinia nlikuwa nakula kwa aibu wiki ya kwanza, nakula wali wa mbele yangu tu, na wewe ulikuwa unasukuma kile kipande kizuri cha samaki kwa kidole, polepole, hadi kinafika upande wangu, halafu unaendelea kuongea na wengine kama vile hujafanya kitu. Hukuniambia kula mwanangu, maana ungesema ningeona haya zaidi. Mama yangu nimemsimulia hili akakaa kimya akafuta macho, akasema nikupe salamu zake, anasema alikuwa hana usingizi vile mtoto wake kaenda kukaa kwa watu asiowajua, kavuka bahari.

Na zile Jumapili. Nlikuja nimejiandaa kusali chumbani kimyakimya nisiwasumbue, kumbe Jumapili ya kwanza tu naamka bodaboda iko nje, Baba kashamlipa, kamwambia anisubiri hadi ibada iishe anirudishe. Jumapili ile baada ya mvua ukaniambia, "Nenda kasali, na useme na huko juu, bado tuna majamvi matatu." Nlisema Baba. Wiki ile haikunyesha.

Bibi, nimefundisha nyumba nzima hapa kuita nyanya tungule. Wananicheka kama nyie mlivyonicheka siku mliponituma dukani tungule, mbatata na boflo, nikasimama pale kaunta nasoma rafu kama mtalii, muuza duka akaniuliza, wewe mgeni wa nani, nikasema wa kwa Bibi mwenye mwembe mkubwa, akatoa vyote vitatu bila mimi kutaja. Ile kanga uliyonipa nimeikata vipande viwili leo asubuhi, nusu nimevaa, nusu nimemfunga mama yangu.

Sasa ahadi. Kila Ijumaa baada ya Isha nitapiga kwenye simu ya kaka, kaka tafadhali iwe na chaji, na Bibi apewe simu wa kwanza sio wa mwisho salio likiwa limeisha. Picha tulizopiga uani nimeshazisafisha studio, kumi na mbili, nazituma na mtu wa chuo anayekuja huko mwezi ujao pamoja na dagaa wa Mwanza, wakavu, wachambueni kichwa kabla ya kupika. Kijino madaftari yako yamo humo, na ile hesabu ya sehemu ulizokwama unipigie picha unitumie siku yoyote, sio mpaka Ijumaa. Tarehe ya mahafali ikitoka nitawaambia, viti viwili vya wazazi nitaomba vinne. Na msimu ujao wa karafuu nikipata nauli nakuja, na jamvi nitakaa juu yake kabisa.

Jambo la mwisho, Mama. Jana nimepika pweza wa nazi kwa ajili ya wageni, pweza mwenyewe wa kwenye friza ya supamaketi, huku hatuna wa kwenu, na tui likanikatika, mchuzi ukawa maji chini mafuta juu. Nlitia tui zito mwisho kama ulivyonionyesha, nikakoroga, sasa sijui ni moto ulikuwa mkali au nlifunika sufuria. Ijumaa unielekeze tena tafadhali, nina kalamu.

Mtoto wenu wa bara