Hela ya blenda: kiasi, inaporudi na siku ya kuipata

Habari ya jioni dada, pole na kusubiri. Ile meseji ya asubuhi ilisema "Ndugu mteja, ombi lako la kurejeshewa fedha limeidhinishwa, kiasi husika kitarudishwa kupitia njia stahiki ndani ya muda wa kawaida wa kazi", ukajibu sasa shilingi ngapi, kwa njia gani na lini? Haki yako kabisa kuuliza. Basi achana na ile, shika hii.

Unarudishiwa Sh 113,000.

Inakuja M-Pesa, kwenye namba ileile iliyolipia oda, inayoishia 417, siyo hii tunayochatia.

Inatumwa Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025 saa nane mchana, na mwisho kabisa Jumanne tarehe 12 saa kumi jioni iwe imeshaingia.

Namba ya marejesho yako ni RF-2081, itunze.

Sasa hesabu, maana najua utasema mbona blenda iliandikwa 120,000. Ni kweli, ila ulitumia kuponi ya asilimia 10 na ilikata kwenye oda nzima, kwa hiyo blenda ulilipia 108,000 na feni ukalipia 76,500 badala ya 85,000, ukijumlisha na delivari 7,000 ndo ile 191,500 uliyotuma. Tunarudisha 108,000 yote ya blenda, hatukati hata mia kwa sababu jagi limefika lina ufa na fundi wetu alipoliangalia jana akaona ufa umeanzia chini pale kwenye visu, hiyo siyo ya kuangusha nyumbani. Juu yake tunaongeza 5,000 uliyompa boda kutuletea blenda dukani, ile meseji ya muamala uliyonitumia imetosha, hatuhitaji risiti (boda gani anatoa risiti?). 108,000 na 5,000 ndo 113,000. Ile delivari ya mwanzo 7,000 haimo kwenye hesabu hii kwa sababu ilileta na feni, na feni umesema unabaki nayo.

Gharama ya kukutumia ni ya kwetu, kwa hiyo kwenye simu itasoma 113,000 kamili. Ila ukienda kuitoa kwa wakala makato ya kutolea ni ya kwako, hayo hatuyafidii, nakwambia mapema usije ukahesabu noti ukadhani tumekupunja.

Kuhusu kwa nini siyo leo: M-Pesa yenyewe haichelewi, ikishatumwa ni muda huohuo, kinachochelewa ni upande wetu. Mhasibu anafunga malipo saa nane mchana na ya kwako imepitishwa leo Alhamisi saa tisa, kesho ni Nane Nane ofisi imefungwa, halafu wikiendi mhasibu hayupo, duka linauza tu. Ndo maana inaangukia Jumatatu. Hiyo Jumanne nimekuwekea kama akiba, mtandao ukisumbua wanarudia kutuma kesho yake.

Umesema namba ya 417 ni ya mume wako, basi meseji ya kupokea hela itaingia kwake, mwambie asishtuke. Kama ile laini haipo hewani au mngependa ije kwako, nitumieni ombi kwenye namba hii kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi, ila litoke kwenye namba ya 417 yenyewe, yani yeye ndo atume meseji akitaja RF-2081 na namba mpya na jina lililosajiliwa kwenye hiyo laini. Najua ni usumbufu kidogo lakini tukibadilisha kwa maneno ya chati tu, siku moja mtu mwingine atachukua hela ya mwenzake.

Na hakuna mtu wa kwetu atakayewapigia kuomba namba ya siri, wala kusema tumeni kwanza hela ya kufungulia marejesho. Akipiga mtu hivyo mkatieni.

Jumanne saa kumi ikipita kimya, nitumie RF-2081 hapa na mimi nakutumia namba ya muamala uiangalie mwenyewe, na kama haikutumwa nitakwambia haikutumwa, sitakuambia uendelee kusubiri.

Lile swali lako la kubadilishiwa badala ya hela: blenda za aina ile zimebaki, na jagi tutalifungua mbele yako kabla hujaondoka nalo. Ukitaka hivyo niambie kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi nisimamishe malipo, hapo hutaongeza chochote, na ile 5,000 ya boda itakuja peke yake M-Pesa siku hiyohiyo. Usiponiambia kitu, hela inaenda kama nilivyoandika hapo juu.