Kodi ndo bei yenyewe

Mheshimiwa mwenyekiti wa mdahalo, waheshimiwa majaji, walimu wetu, na nyie wenzangu mliojazana kule nyuma, hamjamboni. Mimi ni mzungumzaji wa pili upande wa kuunga mkono mada, na mada yetu inasema kodi ndiyo bei ya barabara, shule na zahanati tunazotumia wote.

Ndugu yangu wa upinzani aliposimama hapa mlimpigia makofi mpaka meza zikalia, na kusema kweli jamaa anajua kuongea, mi mwenyewe nusura nipige. Alisema wanafunzi hatulipi kodi kwa hiyo haya mambo hayatuhusu, akasema kila mtu alipie anachotumia yeye, halafu akamalizia na ile ambayo kila mtu anaipenda, kwamba hela yenyewe inaliwa kwa hiyo tunahangaika nini. La kwanza nalimaliza haraka.

Hii mnayoiona mkononi ni risiti ya daftari na kalamu mbili. Juu kuna jina la duka, katikati bei, na chini kabisa kuna kamstari kadogo ambako hakuna anayekasoma, kameandikwa kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo kodi ilianzia Ufaransa mwaka 1954 na leo inatozwa kwenye nchi zaidi ya 160, na uzuri au ubaya wake ni kwamba haiulizi kama una mshahara au una sare ya shule, ukinunua umelipa. Mwenye duka anakusanya tu, anatakiwa aipeleke. Kwa hiyo yule anayekwambia "chukua tu mzigo, risiti ya nini" wakati bei amekutoza ileile yenye kodi ndani, huyo hajakusaidia kitu, ameweka mfukoni hela uliyoitoa wewe kwa ajili ya wote. Basi mwenzangu, wewe ni mlipa kodi tangu siku ulipotumwa dukani mara ya kwanza, hongera.

Sasa hili la pili ndo tamu. Kila mtu alipie anachotumia. Ukilisikia haraka linaonekana la haki kabisa, mwenye gari alipie barabara, mwenye mtoto alipie shule, mgonjwa alipie zahanati, na asiye na gari wala mtoto wala homa abaki na hela yake. Tuanze na barabara. Kuna watu walishajaribu kuendesha barabara kwa staili hiyo. Uingereza ya karne ya 18 ilijaa mageti barabarani, unafika getini unalipa unafunguliwa, unatembea kidogo unakuta geti lingine la watu wengine unalipa tena. Kule Welisi kati ya 1839 na 1843 wakulima walichoka, maana hata kwenda kuchukua chokaa ya kuweka shambani ilikuwa lazima upite geti baada ya geti, ikawa usiku wanaume wazima wanavaa nguo za kike wasitambulike wanaenda kuvunja mageti kwa mashoka. Mimi siwaungi mkono kwa kuvunja, ila nawaelewa, mtu unalipishwa kila unapopiga hatua mpaka hatua yenyewe inakuwa ghali kuliko ulichoifuata.

Halafu nani hasa anaitumia barabara? Bibi asiye na gari wala baiskeli atakwambia yeye haitumii, lakini chumvi aliyonayo jikoni haikuota hapo, sabuni haikuota hapo, na siku akizidiwa usiku gari la wagonjwa halina mabawa. Na hapa nataka mnisikilize vizuri kidogo kwa sababu kuna hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wahandisi Marekani walitengeneza barabara za majaribio wakayazungusha malori juu yake kwa miaka karibu miwili waone lami inakufaje, wakakuta kwamba uharibifu hauendi sambamba na uzito, unapanda kwa kadirio la kipeo cha nne. Yaani ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Chukua gari dogo lenye nusu tani kwa kila ekseli, chukua na lori lenye tani 10 kwa ekseli, tofauti ya uzito ni mara 20, sasa zidisha 20 mara 20 mara 20 mara 20, unapata 160,000. Ekseli moja ya lori inakula lami sawa na ekseli laki moja na elfu sitini za gari dogo! Na hilo lori limebeba mizigo ya nani? Ya kwetu sote, pamoja na ya bibi. Ndo maana kuna kodi kwenye mafuta na kuna mizani na ada za magari makubwa, anayeharibu zaidi achangie zaidi, lakini ile iliyobaki lazima itoke kwenye mfuko wa wote kwa sababu faida yake haina mtu mmoja wa kumpelekea bili. Na msidhani ikishajengwa basi, adui wa barabara ni maji, mtaro ukiziba msimu mmoja tu maji yanaingia chini ya lami, ufa unakuwa shimo, shimo linakuwa bwawa, na kufukua mtaro ni kazi ya jembe na mshahara mdogo tu wa mtu fulani ambaye hakuna anayemjua jina. Huyo mtu analipwa na kodi. Asipolipwa hamtamkosa yeye, mtaikosa barabara.

Zahanati sasa. Mtu anasema mimi siumwi. Sawa, hongera tena. Lakini chukua surua, mgonjwa mmoja akiingia mahali ambapo hakuna aliyechanjwa anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18, na ili isisambae inabidi kama asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Kwa hiyo chanjo ya mtoto wa jirani ambaye hana hata senti ni ulinzi wa kaka yako mchanga ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa. Ukisema kila mtu alipie yake, yule asiye na hela hatalipa, na surua haitamchagua yeye peke yake kwa heshima ya wewe uliyelipa. Na chanjo yenyewe sio dawa tu kwenye kichupa, ile inataka ikae kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, kutoka kiwandani mpaka kwenye bega la mtoto, umeme ukikatika na friji ikipata joto mzigo wote unaweza kuwa wa kutupa. Yaani unahitaji friji, mafuta ya jenereta au sola, mtu wa kuangalia kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, hata sikukuu. Kipi kati ya hivyo mtamtoza mama aliyekuja na mtoto mgongoni? Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na haikutokomezwa na watu waliokuwa wanalipia kila mmoja sindano yake, zilikuwa ni hela za serikali nyingi kwa pamoja, maana yake hela za kodi, na hadi leo hakuna kati yetu humu ukumbini aliyewahi kuugua.

Shule sitaongea sana kwa kuwa mko ndani yake. Niseme tu hili neno bure linatudanganya. Kenya walipofuta ada za msingi mwaka 2003 idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, hao zaidi ya milioni walikuwa wapi kabla? Walikuwa nyumbani, ada ndo ilikuwa mlango. Lakini wale watoto walipoingia waliwakuta walimu walewale na madawati yaleyale, madarasa yakafurika, na hapo ndipo unapoona kwamba ada ilifutwa lakini gharama haikufutwa, imehama tu kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa wote. Na gharama kubwa ya shule wala sio jengo, ni mshahara wa mwalimu, ambao hauishi siku ya uzinduzi utepe ukishakatwa, unarudi kila mwezi. Yule asiye na mtoto naye siku moja atalazwa, nesi atakayemhudumia alisomeshwa na kodi za watu wasiokuwa ndugu zake.

Nije kwa hili la tatu. Hela inaliwa. Hapa sitawabishia kwamba hailiwi, nikibisha mtacheka na mtakuwa sahihi. Nauliza kitu kimoja, ukiacha kulipa ni nani anaumia kwanza? Anayekula yupo karibu na sufuria, makusanyo yakipungua atajichotea hivyohivyo, kinachokatwa ni dawa, ni mafuta ya gari la wagonjwa, ni yule wa kufukua mtaro. Kugoma kulipa kunamwadhibu aliye kwenye foleni ya zahanati kumwacha aliyeiba. Na zaidi ya hapo, mtu ambaye hajatoa anadai kwa sauti gani? Mwenye risiti ndo ana haki ya kuuliza bajeti ya shule iko wapi, mkandarasi amelipwa kiasi gani na kwa nini lami imeng'oka kabla ya mvua ya pili, ripoti ya mkaguzi inasemaje. Tuulize hayo, tena kwa kelele.

Na tukishasema walipe wote basi tumaanishe wote. Haiwezekani mwenye genge anakamatwa kila asubuhi halafu kampuni kubwa inahamishia faida yake kwenye nchi ambayo haina hata ofisi ya maana, ina sanduku la posta tu. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kampuni kubwa za kimataifa zilipe angalau asilimia 15, utekelezaji wake unavutana mpaka leo lakini hata kukubaliana kwenyewe kunaonyesha tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani. Kodi ikiwa mzigo wa wadogo peke yao, upinzani watakuwa wameshinda bila hata kusimama, nalikubali hilo mbele ya majaji.

Lakini hawakusema kodi igawanywe vizuri, walisema isiwepo. Kwa hiyo mzungumzaji wao wa mwisho akija hapa namuomba asituletee vichekesho, atutajie tu nani atalipa umeme wa ile friji ya chanjo mwezi huu, na mwezi ujao, na mwezi ule ambao hakuna mtoto hata mmoja aliyeletwa. Kengele imelia, nashukuru mwenyekiti, nakaa.