ILANI KWA WAPANGAJI WOTE: MAJI YATAFUNGWA JUMAMOSI, 14 MACHI 2026

Nairobi, 5 Machi 2026

Kwa wapangaji wetu wapendwa,

Mnaarifiwa kwamba maji yatafungwa katika jengo zima siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ili matangi manne yaliyo juu ya paa pamoja na birika la chini ya ardhi yasafishwe.

Wapangaji kadhaa wa ghorofa ya nne walileta malalamiko kuwa maji yao yanatoka na rangi ya manjano, nasi tukapanda juu kukagua. Katika tangi la pili tulikuta tope laini lenye unene wa kidole, na kifuniko chake kimepasuka ukingoni. Maji ya mgao yanaporudi baada ya mabomba kukaa matupu hubeba mchanga na kutu, na uchafu huo hutuama chini ya tangi. Maji hayo ndiyo tunayowapikia watoto wetu, kwa hivyo kazi hii haiwezi kungoja zaidi. Kifuniko kipya kimekwisha nunuliwa.

Tafadhali jazeni ndoo na mitungi kufikia Ijumaa usiku, na muifunike vizuri. Nyumba ya watu wanne itahitaji angalau mitungi mitatu ya lita 20. Maji ya kufulia nguo msiyamwage, yatafaa chooni. Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee nyumbani, au asiye na vyombo vya kutosha, amwone keateka kabla ya Alhamisi, naye atapelekewa mitungi miwili hadi mlangoni.

Jambo ninalowasihi mno ni hili: kabla ya kutoka nyumbani Jumamosi, hakikisheni mifereji yote imefungwa, hata ile isiyotoa tone, na swichi ya hita ya bafuni imezimwa. Mfereji uliosahauliwa wazi hufurika maji yanaporudi, na hasara humwangukia jirani wa chini. Hita nayo ikiwashwa bila maji huungua.

Kuta za matangi zitasuguliwa, zipakwe maji ya klorini, kisha zisuuzwe. Maji ya kusuuzia yatakayotiririka uani yana klorini kali, hivyo msiyakinge kwa matumizi yoyote, na watoto wasichezee huko. Baadaye lori la maji litajaza birika, na pampu itapandisha maji juu.

Maji yakirudi, fungueni mfereji wa jikoni kwanza, muuache utiririke kwa dakika chache hadi maji yawe safi na harufu ipungue. Ya kunywa yachemsheni kama kawaida. Kazi ikichelewa, tangazo litabandikwa langoni kabla ya saa kumi jioni.

Hakuna mpangaji atakayetozwa ada ya ziada. Mwenye swali anakaribishwa ofisini, ghorofa ya chini, siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tunaomba radhi kwa usumbufu huu.

Wenu,
Meneja wa Jengo