Maneno ya Kuwakaribisha Watu, Siku ya Huduma za Afya Mudaka

Jambo yenu, mama zetu! Jambo yenu, baba zetu! Vijana, jambo! Mumeamka aje? Wazee wetu mliokaa kwenye benchi pale mbele, pokeeni heshima zetu. Mama wenye watoto mgongoni, sogeeni huku chini ya mti, jua limeanza kuwa kali.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Furaha, reko wenu wa hapa Mudaka, yule anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza kama watoto wamelala ndani ya chandarua. Leo sikuja peke yangu. Niko na waganga 4 kutoka zoni ya afya, na mmoja wao ni mkunga. Tunamshukuru shefu wa kijiji kwa kutangaza habari hii jana jioni, na wakubwa wa kanisa kwa kutupa uwanja. Mwenye kusikia Mashi vizuri kuliko Kiswahili asiondoke, mwenzangu atayarudia yote nikimaliza.

Naanza na pesa, maana najua ndiyo iko moyoni mwa kila mtu. Leo hakuna anayelipa. Kipimo ni bure, dawa ni bure, fishi ni bure, jetoni ni bure. Mtu akikuomba faranga ili akupitishe mbele, usimpe, njoo uniambie mimi au shefu. Nalisema kwa nguvu kwa sababu katika nyumba ninazopita nakuta mtoto ana homa siku ya tatu, na mama yake anangoja kwanza auze mihogo ndipo aende kituoni. Mama, ninakuelewa. Lakini siku hizo tatu malaria inamla damu mtoto.

Basi meza ya kwanza, pale karibu na mlango, ni ya homa. Kila mwenye mwili moto, mtoto au mkubwa, anatobolewa kidole, tone moja la damu, na baada ya kama dakika 15 hadi 20 jibu liko tayari. Ikiwa ni malaria, anapewa dawa ya siku 3, mara 2 kwa siku. Dozi ya kwanza anainywa hapa hapa, ya pili baada ya masaa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazobaki. Inywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, hata maziwa ya mama yanatosha. Ninawaomba sana: siku ya pili mtoto ataanza kucheza, na mtaona amepona. Msiache vidonge, wala msimwekee mdogo wake vilivyobaki. Vimalizeni. Kama kipimo hakionyeshi malaria, muganga atatafuta homa imetoka wapi, kwa hiyo msikasirike mkikosa dawa ya malaria.

Na mtoto anayeshikwa na degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, au anayelala bila kuamka vizuri, huyo hapangi mstari. Msimpeleke kwanza kukatwa kilimi, msimpeleke kwanza kuombewa. Mleteni hapa mbio. Gari letu liko nyuma ya kanisa, linampeleka hospitali kuu. Maombi tutayafanya njiani.

Meza ya pili ni ya kupima mkono wa mtoto, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Mnaona utepe huu wenye rangi tatu? Unafungwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Kijani maana yake ni sentimita 12.5 au zaidi, mtoto anaendelea vizuri. Njano ni kati ya 11.5 na 12.5, huyo tunamfuata. Nyekundu ni chini ya 11.5, na huyo anaanza matibabu leo. Tutabonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikibaki imezama, ni uvimbe wa bwaki, hata kama mashavu yamejaa na watu wanasema mtoto amenona.

Najua bwaki inaletea mama maneno mabaya. Jirani anasema mtoto amerogwa, mama mkwe anasema umefanya mabaya. Si kweli. Bwaki inakuja mtoto anapokula bugali ya mihogo siku zote bila maharagwe, bila sambaza, au anapotoka katika surua na kuhara bila kupata nguvu tena. Inatibika. Usimfunike mtoto kwa kitenge ili watu wasimwone. Atapewa pakiti za karanga zilizochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Ile ni dawa. Haigawiwi ndugu zake, haipelekwi sokoni, na kila wiki unarudi naye kupimwa. Baba zetu, mkimwona mama anarudi kituoni kila wiki, msimwambie anapoteza muda. Mshikieni shamba siku hiyo.

Hapo hapo watoto wanapata matone ya vitamini A, na waliotimiza mwaka wanapata dawa ya minyoo.

Chanjo ziko meza ya tatu, ndani ya kile kisanduku cha barafu. Leteni fishi. Aliyepoteza fishi, au aliyeruka miezi mingi, aje vilevile, hakuna atakayemgombeza. Mtoto wa miezi 9 ambaye hajachomwa sindano ya surua asirudi nyumbani bila hiyo sindano.

Mama wajawazito, mkunga yuko katika chumba cha kanisa. Atapima presha, atasikiliza mtoto, atatoa vidonge vya damu na chandarua. Hata mimba ikiwa changa, nenda.

Chumba hicho kina mlango unaofungwa, na nasema hili kwa sauti ya chini kidogo. Mwanamke, msichana, hata mwanaume, aliyefanyiwa kwa nguvu jambo ambalo hakulitaka, aende pale aseme tu kwamba anataka kuongea na mkunga. Hataulizwa sababu mbele ya watu. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, yaani siku 3. Zikipita siku 3, bado aende, kuna msaada mwingine.

Anayeharisha atapewa pakiti za chumvi na sukari, na mtoto ataongezewa vidonge vya zinki vya siku 10. Pakiti moja inaingia katika lita moja kamili ya maji safi. Chupa ya bia haifiki lita, basi tumieni hii chupa tutakayowaonyesha. Anayeharisha maji meupe kama ya mchele, au mwenye vipele vya maji mwilini, asikae katikati ya wenzake. Aniite mimi, kuna hema lake pembeni.

Sasa niseme yale tusiyo nayo, ili mtu asingoje bure mpaka jioni. Leo hatung'oi meno, hatupasui, hatuna miwani, hatugawi unga wala pesa. Mwenye shida hizo aandikishe jina kwangu, nitapeleka orodha kituoni.

Tunafunga saa kumi. Kabla ya kwenda mezani, naweni mikono kwenye bidoni ile ya bluu. Jetoni 1 hadi 10, simameni. Wewe mama wa kitenge chekundu huko nyuma, naona mtoto anatetemeka: usingoje jetoni, mpisheni, apite huku mbele.