Muhtasari wa ukurasa mmoja: M-Pesa Kenya 2005 hadi 2007, na marejesho yetu ya mikopo kwa simu

Bosi shikamoo. Ile keisi stadi ya M-Pesa uliyonipa Jumatatu nimeimaliza, kurasa 46, nimeibana kwenye ukurasa huu mmoja ili uingie nao kwenye kikao cha Alhamisi.

Ninachoshauri: tusifungue marejesho ya simu kwa vikundi vyote 62 mwezi wa saba kama tulivyopanga. Tuanze na vikundi sita vya Igoma, na kabla hata ya hivyo sita tunyooshe vitabu vyetu, maana kwenye majaribio ya Kenya upande wa mikopo ulikwama kwenye vitabu.

Ilivyokuwa. Wengi tunajua M-Pesa ni ya kutumiana hela, kumbe ilianza kama njia ya kurejesha mikopo midogo, yaani kitu kilekile tunachokitaka sisi. Nick Hughes wa Vodafone aliomba ruzuku kwenye mfuko wa DFID, idara ya misaada ya maendeleo ya Uingereza, Vodafone nao wakaweka chao, na Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika. Safaricom walikuwa na mtandao, Faulu Kenya walikuwa na wakopaji wa vikundi kama wetu, Commercial Bank of Africa ndo benki. Wateja hawakufika 500, mawakala wanane tu, na wateja walipewa simu kabisa, lakini hata hivyo kuwafundisha kulichukua muda mrefu kuliko ilivyotegemewa.

Hapa naomba usome taratibu. Mteja analipa rejesho kwa simu, hela inafika, meseji inaingia, yeye kamaliza. Ofisini ndo kazi inaanza, nani kalipa, mkopo upi, kikundi kipi, wiki ipi, na mfumo wa Faulu haukuwa umejengwa kupokea taarifa za namna hiyo kwa hiyo kulinganisha vitabu viwili kukawa mzigo mzito. Halafu likaja la pili: kama mtu anaweza kulipa akiwa dukani kwake, kikaoni anafuata nini? Na mkopo wa kikundi dhamana yake ni wenzako kukuona uso kwa uso kila wiki.

Sisi tupo palepale. Marejesho ya vikundi tunayaandika kwenye daftari kisha Neema na mimi tunayaingiza kwenye Ekseli Ijumaa, na tuna wanachama wanaofanana majina mawili mpaka matatu. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume au mtoto. Siku ya kwanza tu tutapokea hela ambazo hatujui ni za nani, na mama aliyelipa kihalali ataonekana kwenye orodha ya wadaiwa mbele ya kikundi chake. Hilo mimi naliogopa kuliko hasara yoyote.

Vodafone na Safaricom walifanyaje? Waliangalia wateja wanaitumiaje, wakaona watu wanalipana wao kwa wao, wengine wanaweka hela kwa wakala kabla ya safari wanaitoa wakifika, wengine wanaiacha humo usiku kwa usalama kwa sababu benki zimeshafunga. Basi Machi 2007 wakazindua huduma iliyo nyepesi zaidi, tuma pesa nyumbani, marejesho ya mikopo yakakaa kando. Kwa kampuni ya simu ulikuwa uamuzi mzuri sana. Sisi hatuwezi kuufuata maana mikopo ndo kazi yetu, cha kuchukua hapo ni ule utaratibu wao wa kujaribu padogo na kukubali walichokiona.

Ninachopendekeza kwa Igoma: kila mwanachama apewe namba yake moja ya kumbukumbu anayoiingiza akilipa, vitabu vilinganishwe kila siku jioni na sio Ijumaa, na vikao vya kikundi viendelee kama kawaida, anayelipa kwa simu naye anahudhuria na anaonyesha meseji. Miezi mitatu. Jambo la mawakala pia tusilisahau, wakala anatoa hela kwa keshi aliyonayo na anapokea kwa floti aliyoinunua mapema, sasa siku ya marejesho wanachama 40 wakienda kwa wakala mmoja floti itaisha saa nne asubuhi, kwa hiyo lazima tuongee na mawakala wa pale mapema au tupangie vikundi siku tofauti.

Gharama: mtu mmoja wa kulinganisha hesabu, nusu siku kila siku. Naweza kuanza mimi, ila majukumu yangu ya dirishani ayapokee mtu mwingine.

Nimeruka kurasa kama kumi za Tanzania na Afrika Kusini, zinahusu ushindani wa makampuni ya simu na hazibadilishi uamuzi wetu. Ukizitaka zipo kwenye faili nimeziwekea alama ya kijani.

Ninachoomba Alhamisi ni mambo mawili tu, ruhusa ya Igoma kwa miezi mitatu, na tarehe ya mwezi wa saba isogezwe mpaka tuone vitabu vimekaa sawa.