Mahojiano au Hojaji? Karatasi ya Darasa, Mbinu za Utafiti, Mwaka wa Nne

Karatasi hii ni ya kikao cha Alhamisi. Isome kabla ya kuja, maana sitaisoma kwa sauti darasani. Nimeiandika baada ya kupitia mapendekezo yenu ya utafiti. Karibu kila mmoja ameandika sentensi ileile katika sura ya tatu: "Mtafiti atatumia hojaji na mahojiano." Ukiuliza kwa nini yote mawili, jibu ni kwamba ndugu yake aliyemaliza mwaka jana alifanya hivyo.

Kifaa huchaguliwa na swali la utafiti. Kwa hiyo kabla ya kufika sura ya tatu, rudi kwenye swali lako uangalie linataka nini. Likitaka kujua *wangapi*, *mara ngapi*, *kiasi gani*, au kama kundi hili linatofautiana na lile, linaelekea kwenye hojaji. Likitaka kujua *vipi*, *kwa nini*, au watu wanalielewaje jambo fulani, linaelekea kwenye mahojiano. Mengi yataamuliwa hapo, ila si yote. Mambo mengine matatu yanaweza kuugeuza uamuzi huo: unajua kiasi gani tayari kuhusu jambo lenyewe, jambo hilo ni la aibu kiasi gani, na mtu unayemuuliza atajibu kwa lugha gani.

Hili la kwanza ndilo husahauliwa zaidi. Maswali funge ya hojaji ni majibu uliyokwisha kuyakisia. Ukiandika "Kwa nini uliacha kilimo cha miwa? (a) bei duni (b) kucheleweshewa malipo (c) sababu nyingine", umekiri kwamba unazijua sababu. Kama hujawahi kuzungumza na mkulima hata mmoja wa Mumias, umezijuaje? Watu wengi watachagua (a) au (b) kwa sababu ndizo zilizo mbele yao, nawe utaandika asilimia nzuri za kisio lako mwenyewe.

Mfano wa kwanza: bima ya bodaboda, Kisumu

Swali: Ni waendeshaji wangapi wa bodaboda wenye bima iliyo hai, na je, wanaoendesha pikipiki zao wanatofautiana na wanaoendesha za tajiri?

Swali lina "wangapi" na lina ulinganisho wa makundi mawili. Hii ni hojaji. Tuseme vituo vinne vimekupa orodha za wanachama wao, nazo zina watu 180, 120, 100 na 80, jumla 480. Kwa kanuni ya Yamane ya 1967, ukikubali kosa la asilimia 5:

```
n = N / (1 + N*e^2)
n = 480 / (1 + 480*0.0025)
n = 480 / 2.2 = 218
```

Gawa hao 218 kwa uwiano wa kila kituo. Kituo cha kwanza kinatoa 180/480 ya sampuli, yaani 82. Vingine vinatoa 55, 45 na 36. Jumlisha uhakikishe unarudi kwenye 218. Kisha wachague kutoka kwenye orodha kwa bahati nasibu. Ukiwachukua tu waliokuwa kwenye kivuli cha mwembe siku uliyopita, utakosa wale wasiokaa kituoni, na huenda hao ndio wenye abiria wengi. Kwa kuwa wengine hawatapatikana au watakataa, ongeza akiba: ukitarajia mmoja kati ya kumi akose, 218 ÷ 0.9 ni 242.2, kwa hiyo andaa majina 243.

Sasa ufikirie kituo chenyewe. Mwendeshaji anakujibu jicho likiwa barabarani. Abiria akipunga mkono, ameondoka, na hojaji yako ya kurasa sita imebaki swali la tisa. Maswali kumi yanatosha. Usimpe karatasi ajaze. Msomee wewe, ujaze wewe kwenye simu kwa KoboToolbox, ambayo hufanya kazi hata bila mtandao na kutuma data baadaye. Hii bado ni hojaji. Kumsomea mtu maswali hakuigeuzi kuwa mahojiano, mradi kila mtu anaulizwa maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Katika uchanganuzi, chora jedwali la umiliki dhidi ya bima, kisha ufanye jaribio la kai-mraba.

Na usiulize "Je, una bima?" ukaishia hapo. Nani atamjibu hapana mgeni mwenye simu anayeandika majibu? Uliza: "Bima ya pikipiki hii inaisha lini?" Asiye nayo atasema, na mwenye nayo atakumbuka walau mwezi.

Mfano wa pili: madeni ya wachuuzi wa omena, Dunga

Swali: Wanawake wanaouza omena huamua vipi nani wa kukopeshwa samaki na nani wa kunyimwa?

Hapa wengi wenu mngekimbilia vipimo vya Likert, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", na mngeandika: "Uaminifu ni muhimu katika kukopesha." Asilimia 96 wangekubali kabisa. Umejifunza nini?

Uamuzi wa kukopesha umejaa historia: nani alizikana na nani, nani yuko kwenye chama kimoja na nani, nani aliyelipa hata msimu ule ziwa lilipojaa gugumaji na mitumbwi ikakwama. Hiyo ni kazi ya mahojiano, na ya aina ya nusu-muundo: una mwongozo wa maswali sita au saba, lakini unamfuata anapokupeleka. Mwongozo wenyewe uwe hivi:

"Nisimulie mara ya mwisho uliyompa mtu omena kwa deni. Alikuwa nani kwako?" Kisha: "Kuna mtu uliyewahi kumnyima? Ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Mwanafunzi anayeogopa ukimya huuliza swali la pili kabla la kwanza halijamezwa, na hivyo hupoteza jibu lililokuwa njiani.

Angalia kwamba sikuuliza "Kwa nini unakopesha?" Swali la *kwa nini* likiulizwa uso kwa uso huja kama lawama, na mtu hutafuta jibu la kujitetea. Omba kisa, sababu itajitokeza ndani yake. Mkija Alhamisi nitawauliza mbona utafiti wa "kwa nini" haufanywi kwa kuuliza "kwa nini". Mjiandae.

Wangapi? Hapa kanuni ya Yamane haihusiki kabisa, na usiilazimishe ili kumridhisha mtahini. Unachagua kwa kusudi: wauzaji wakongwe na wapya, wanaouza kwa gorogoro na wanaouza kwa gunia, walio kwenye chama na wasio. Anza na 12. Ukiona mahojiano mawili matatu ya mwisho hayakuleta jambo jipya, umefika; yakiwa bado yanaleta mapya, endelea.

Fanya hesabu ya muda kabla ya kusherehekea kwamba ni watu 12 tu. Saa moja ya sauti huchukua karibu saa nne kuandikwa neno kwa neno. Mahojiano ya dakika 45 mara 12 ni saa 9 za sauti, kwa hiyo saa 36 za kuandika, na hapo hujaanza kutafsiri kutoka Dholuo. Mwanafunzi mmoja wangu alirekodi 25, akaandika 8, akachanganua 8, na akaripoti 25. Nilimgundua kwa sababu nukuu zote zilitoka kwa watu walewale.

Mfano wa tatu: kubeti chuoni

Huu nimeuweka kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba jambo nyeti lazima liulizwe uso kwa uso.

Swali: Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa pili wamewahi kubeti kwa pesa za mkopo wa HELB?

Ukikaa na mwenzako chini ya mti ukamwuliza, atakudanganya, au atakwambia "najua jamaa fulani". Kile tunachokiita kina cha mahojiano hapa ni mzigo: macho yako ndiyo yanayomfanya afiche. Hojaji isiyo na jina, isiyo na namba ya usajili, anayoijaza mwenyewe na kuitumbukiza kwenye sanduku lenye tundu, itapata jibu lililo karibu zaidi na kweli. Ukitumia Google Forms, zima sehemu ya kukusanya anwani za barua pepe, la sivyo ahadi yako ya siri ni uongo ulioandikwa juu ya ukurasa.

Ila swali likibadilika na kuwa "Kubeti kulianzaje kuwa sehemu ya maisha yake?", tumerudi kwenye mahojiano, na safari hii utahitaji kujenga imani kwanza. Mada ni ileile. Swali limebadilika, kifaa kimebadilika.

Ukitaka yote mawili

Ruhusa unayo, lakini niambie kipi kinamtumikia kipi. Kwa wakulima wa miwa wa Mumias, zungumza kwanza na wakulima 8, uchukue sababu walizozitaja kwa maneno yao, uzigeuze chaguo za swali funge, ndipo uende kwa 200. Au kinyume chake: hojaji ya bodaboda ikionyesha jambo usilolitarajia, rudi kwa watano ukaulize. Kufanya yote mawili kwa wakati mmoja kwa sababu yanapendeza ni njia ya kumaliza pesa za nauli.

Lugha, na majaribio

Hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa papo hapo mbele ya mhojiwa si hojaji moja. Ni hojaji nyingi, kila moja na tafsiri yake. Itafsiri mapema kwa Kiswahili, Dholuo au Luhya inayozungumzwa mahali hapo, kisha mpe mtu wa pili aitafsiri kurudi Kiingereza bila kuiona ya awali. Zikitofautiana, tatizo liko kwenye swali.

Jaribu kwa watu 10 hivi walio nje ya sampuli yako. Mfano wa swali lililokufa katika majaribio: "Mapato yako ya mwezi ni kiasi gani?" Mchuuzi hahesabu mwezi. Tukalibadilisha: "Jana ulinunua kwa shilingi ngapi? Uliuza kwa ngapi? Jana ilikuwa siku nzuri, mbaya, au ya kawaida?" Lingine: "Je, unapata faida na kulipa ushuru wa soko kila siku?" Hayo ni maswali mawili yamevalishwa shati moja. Yatenganishe.

Kibali cha NACOSTI kiwe mkononi kabla ya kumuuliza mtu wa kwanza, na ridhaa ya mhojiwa iwe kwa lugha anayoielewa. Sauti, namba za simu na majina ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Msizitume kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa kuomba msaada wa kuandika.

Na mnisamehe kwa hili la mwisho: natambua mwandiko. Hojaji thelathini zilizojazwa usiku mmoja bwenini zina kalamu moja, mteremko mmoja, na hakuna hata mtu mmoja aliyeruka swali. Watu halisi huruka maswali.

Zoezi, mje nalo Alhamisi saa nne asubuhi

Kwa kila swali, chagua kifaa, taja sampuli, na uandike maswali matatu ya kwanza. Nusu ukurasa kwa kila moja, kwa mkono.

1. Wachuuzi wa Kibuye huchaguaje mahali pa kupanga bidhaa zao siku ya Jumapili soko linapofurika?
2. Ni kaya ngapi katika mtaa mmoja wa Nakuru zinazonunua maji kwa mtungi, na kwa bei gani?
3. Walimu wa shule za msingi Kakamega wanaelewaje maana ya "mzazi anayejali"?
4. Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa nne walioandika "hojaji na mahojiano" kabla ya kuandika swali la utafiti? (Hili mtalifanya humu darasani, bila majina, na nitaleta sanduku.)