Slaidi za nefroni: tufuate tone moja

Jamani, kabla ya kipindi cha kesho zipitieni slaidi za figo mkiwa na kalamu mkononi. Najua mishale imewachanganya. Shikeni tone moja la plazma, mlifuate mpaka linakuwa mkojo, na kila mahali mjiulize: kitu hiki kinatoka kwenye damu kuingia mrijani, au kinatoka mrijani kurudi kwenye damu?

Slaidi ya 1, glomeruli. Shinikizo la damu linalisukuma tone liingie kwenye kifuko cha Bowman. Maji, chumvi, glukosi na urea vinapita. Seli za damu na karibu albumini yote vinabaki. Uchujaji haujui kizuri wala kibaya, kikubwa ni ukubwa wa molekuli na chaji yake. Zinachujwa mililita 125 kwa dakika. Plazma yote mwilini ni kama lita 3, kwa hiyo kama hakuna kinachorudishwa, ndani ya nusu saa imekwisha! Ndiyo maana slaidi zote zinazofuata zinahusu kurudisha.

Slaidi ya 2, mrija wa karibu. Hapa kaeni sana. Upande wa damu, pampu inatoa sodiamu nje ya seli, hivyo sodiamu ya mrijani inaingia kujaza pengo huku ikivuta glukosi. Maji yanafuata kwa osmosisi. Takriban thuluthi mbili za maji na sodiamu zinarudi, na glukosi yote. Lakini vibebaji vya glukosi vina kikomo. Mgonjwa wa kisukari, glukosi ikizidi kama milimoli 10 kwa lita, inayobaki mrijani inazuia maji yasirudi. Kumbe ndiyo sababu anakojoa sana na kiu haimwishi.

Hapo hapo tazameni mshale unaokwenda kinyume: penisilini. Haikusubiri kuchujwa, seli zimeichukua kutoka kapilari za pembeni na kuimwaga mrijani. Huo ndio utoaji.

Slaidi ya 3, kitanzi cha Henle. Kushuka, maji yanatoka, tone linakolea kutoka miliosmoli 300 hadi kufikia 1200 kwenye vitanzi virefu. Kupanda, maji hayapiti, chumvi inatolewa, tone linaondoka likiwa na kama 100. Furosemaidi inafunga mlango huo wa chumvi.

Slaidi ya 4, mrija wa mbali na mrija mkusanyaji. Aldosteroni inarudisha sodiamu na kutoa potasiamu. ADH inafungua njia za maji. Ikikosekana, tone linatoka jepesi vilevile.

Kesho naanza na mama wa miaka 60 aliyevimba miguu: amepewa furosemaidi, na sasa potasiamu yake imeshuka. Dawa inafanya kazi slaidi ya 3, potasiamu inapotea zaidi slaidi ya 4. Njooni na maelezo ya kilichopita katikati, nanyi mtachora mshale wenyewe ubaoni.